Skwati bila chuma: visigino vinanyanyuka, magoti yanauma, shida inaanzia kwenye kifundo

"Wakuu, nina wiki ya tatu napiga skwati nyumbani, sina chuma wala nini, mwili wangu tu. Visigino vinanyanyuka nikishuka na magoti yananiuma kwa mbele. Nikilazimisha visigino vikae chini naanguka kinyumenyume. Jim waliniambia goti lisipite vidole, najitahidi lakini ndo kwanza inakuwa mbaya. Nakosea wapi?"

Mkuu hapo kwenye kuanguka kinyumenyume umenikumbusha mbali, maana mimi nilianza 2021 sebuleni na kila nikishuka nilikuwa natua kwenye kochi bila kupenda. Na mimi nilikuwa na hiyo hiyo sheria ya goti lisipite vidole, kwa hiyo naanza nayo kwanza, kabla ya mengine.

Iache. Simama ufikirie tu mwili unavyokaa: ili usianguke, uzito wako lazima ubaki juu ya nyayo. Ukishuka, makalio yanaenda nyuma, sasa kitu kingine lazima kije mbele kuweka mizani, na vitu vikubwa vya kuja mbele ni viwili, goti au kifua. Ukizuia goti unabaki na kifua, unainama kama mtu anaokota sarafu na mgongo ndo unabeba kazi, na usipoinama unaanguka nyuma kama inavyokutokea. Goti kupita vidole kidogo ni kawaida kabisa, mwangalie mama yeyote akiwa amechuchumaa anaosha vyombo, magoti yamepita vidole na kisigino kiko chini, amekaa hapo dakika kumi anapiga stori. Goti linakosea likienda mbele huku kisigino kimeachia ardhi, au likienda mbele huku limeingia ndani.

Sasa kwa nini kisigino kinanyanyuka. Goti haliwezi kwenda mbele peke yake, linapelekwa na kifundo cha mguu kukunja. Kifundo kikiwa kigumu, goti linafika mahali linakwama, na wewe bado unataka kushuka, mwili unatafuta nafasi kwa kunyanyua kisigino. Hapo unabaki unasimamia vidole, uzito wote umesogea mbele, na goti linabeba zaidi ya ilivyopangwa, ndo maana maumivu yanakuja mbele kuzunguka ile pia ya goti. Kwa hiyo mara nyingi kisigino na goti lako ni tatizo moja, halafu watu wanahangaika kupaka goti dawa ya kuchua.

Halafu kuna kitu nahisi kinatuharibu tangu shule, kuruka kichura. Wengi mara ya kwanza kukunja miguu kama zoezi (au kama adhabu) ilikuwa kichura, na kichura unakaa kwenye vidole, visigino juu. Mwili umeshika hiyo, ukiambiwa chuchumaa unapanda vidole bila kujua, hata kama kifundo chako kizima. Ndo maana usianze kunyoosha misuli kabla hujapima.

Kupima ni hivi. Vua viatu, piga goti moja chini, mguu mwingine uwe mbele unaangalia ukuta. Peleka goti la mbele liguse ukuta, kisigino kisiachie sakafu hata kidogo. Likigusa kirahisi rudisha mguu nyuma kidogo, jaribu tena, mpaka ufike mwisho ambapo goti bado linagusa na kisigino bado kiko chini. Chukua rula, pima kutoka ncha ya kidole gumba mpaka ukutani. Ukipata kama sentimita 10 na kuendelea kifundo kiko poa, shida yako ni mazoea au mizani. Ukipata 4 au 5 basi kifundo ndo kinakukwamisha. Pima miguu yote miwili, usipime mmoja ukadhani umemaliza.

Na wakati unapima sikiliza unabanwa wapi. Ukihisi kuvutwa nyuma, chini ya kigimbi karibu na kisigino, huo ni msuli, unanyooka. Ukihisi kubanwa kwa mbele, pale kifundo kinapokunja, kama kuna kitu kimekaa katikati, hiyo ni jointi yenyewe na ukinyoosha kigimbi mwaka mzima utapata mabadiliko madogo sana. Huyo wa kubanwa mbele anaweka kibao chini ya visigino na maisha yanaendelea.

Mfano wa mdogo wangu, maana wake ulikuwa wazi kabisa. Alikuja analalamika goti la kushoto. Nikamwambia apige skwati nane nikamrekodi kwa simu, kwanza kwa ubavu halafu kwa mbele, simu nimeiweka chini usawa wa magoti (ukishika simu usawa wa kifua huoni kisigino). Kwa ubavu kisigino cha kushoto kinaachia sakafu akiwa hata hajafika nusu, cha kulia kimetulia. Kwa mbele, makalio yanakimbilia kulia na goti la kushoto linaingia ndani akipanda. Tukapima ukutani, kulia 11, kushoto 5. Nikamuuliza huo mguu uliwahi kuumia, akasema aah ni ule niliteguka mpirani kidato cha tatu. Yani kifundo cha zamani, goti ndo linalipa deni.

Tulichofanya hakikuwa kikubwa. Kibao cha unene wa sentimita 2 chini ya visigino vyote viwili (sio kimoja, ukiweka kimoja unapinda nyonga). Kigoda cha urefu kama wa kiti cha kawaida nyuma yake, anashuka mpaka makalio yaguse, hakai, anapanda. Kila siku kabla ya kuanza anafanya lile lile la ukutani kama zoezi, goti linaenda mbele linagusa linarudi, mara 10 kila mguu, wa kushoto anarudia raundi ya pili. Akimaliza ananyoosha kigimbi huku goti limekunjwa, sekunde 30 mara mbili. Hapo kwenye goti kukunjwa msiparuke, kuna msuli wa chini ya kigimbi ambao ukinyoosha mguu ukiwa umenyooka wote unaugusa kidogo tu, na huo ndo unaokaza ukichuchumaa. Skwati zenyewe seti 3 za 8, siku tatu kwa wiki. Baada ya wiki sita hivi kushoto kukafika 8, tukatoa kibao, tukashusha kigoda. Hajafika 11 na sidhani atafika, ila maumivu yalishakata kama wiki ya tatu, maana kisigino kilikuwa kimeshatulia kwa ajili ya kibao.

Sasa skwati yenyewe. Pekupeku, au kiatu chenye soli ngumu bapa. Raba zile za soli nene laini kama godoro zinakuyumbisha, na ndala kwenye vigae usithubutu. Miguu upana wa mabega, vidole vimefunguka nje kidogo, ukiwaza saa ya ukutani mguu mmoja unaelekea 11 na mwingine 1, au chini ya hapo, utajua wapi nyonga inakubali. Unyayo una sehemu tatu za kukanyagia: kisigino, chini ya kidole gumba, chini ya kidole kidogo. Zote tatu zibaki sakafuni mwanzo mpaka mwisho, na ukizishika hizo tatu mengine mengi yanajipanga.

Mikono mbele. Vuta pumzi, kunja goti na nyonga kwa pamoja, sio makalio kwanza halafu goti, pamoja. Shuka taratibu hesabu moja mbili tatu. Goti linafuata uelekeo wa vidole. Simama pale kisigino kinapotaka kuachia au kiuno kinapoanza kujikunja chini, hapo ndo mwisho wako wa leo, haijalishi jirani anafika wapi. Watu wenye mapaja marefu watainama mbele zaidi na hiyo sio kosa, ni mifupa. Pandisha kwa kusukuma sakafu na unyayo mzima, toa pumzi.

Kama kifundo kiko sawa ila bado unaanguka nyuma, shika chupa ya maji ya lita moja na nusu, mikono iwe imenyooka mbele. Inashangaza, unaongeza uzito halafu zoezi linakuwa rahisi, ni mizani tu.

Goti kuingia ndani nimelitaja juu juu, ngoja nilirudie. Cheki video ya mbele. Likiingia kuanzia ya kwanza, angalia unyayo, mara nyingi umelala ndani, ule upinde wa katikati umeanguka na goti linafuata. Hapo ushauri unaouskia ni sukuma magoti nje, na ni sawa, ila mtu anasukuma mpaka anasimamia ukingo wa nje wa mguu na kidole gumba kinaelea hewani, amehama kosa moja kwenda lingine. Weka sarafu ya mia mbili chini ya shina la kidole gumba na uikandamize muda wote huku ukisukuma goti nje, hivyo viwili vikikaa pamoja goti linanyooka. Mimi pia nilifunga kipande cha tyubu ya baiskeli juu kidogo ya magoti, kinavuta ndani na wewe unapinga, misuli ya pembeni ya makalio inaamka. Na kama magoti yanaingia kwenye ya saba au ya nane tu wakati unapanda, huko ni kuchoka, seti yako imeishia ya sita, acha kulazimisha.

Kuhusu hayo maumivu: wiki hii usiongeze idadi, punguza kina, shukia kiti kirefu. Maumivu madogo yanayoisha kabla ya kesho yake yanavumilika. Goti kulia ka-ka bila kuuma lisikutishe. Ila likivimba, likikwama ukashindwa kulinyoosha, likiachia ghafla ukitembea, au yalianza baada ya kuanguka, hapo hakuna kibao wala sarafu, nenda kaonane na daktari au mtu wa fiziotherapia.

Pima ukutani kesho asubuhi kabla hujapasha mwili, halafu nipe namba mbili, kulia na kushoto, na useme umebanwa mbele au umevutwa nyuma.