Kitochi kinatumaje hela bila bando?

"Niko Newala, kitochi changu hakina intaneti. Nikibonyeza *150*00# hela inamfikiaje mama Lindi?"

Inapita njia ya mawimbi ambayo simu hutumia kuongea na mnara hata kabla hujapiga, si njia ya data. Kuna wanaosema menyu inayotokea imo kwenye laini yenyewe, wamepatia nusu: zipo laini za hivyo, ila menyu hii iko kwenye kompyuta za kampuni ya simu. Kila namba unayojibu (1 kutuma, namba ya mama, kiasi, namba ya siri) inakwenda huko, nao wanarudisha ukurasa unaofuata. Hela yenyewe haisafiri, salio lako linapungua na la mama linaongezeka.

Tatizo ni mtandao kukatika ukishaweka namba ya siri. Muamala unaweza kuwa umepita ingawa skrini imeandika kosa, maana meseji ya uthibitisho huja kivyake na huchelewa. Angalia salio kwanza. Ukirudia haraka, mama anaweza kupata mara mbili.