Bili ya tovuti mwaka wa pili

Mwaka jana nililipa dola 37 kwa domeni ya .com na hostingi. Mwaka huu nimeletewa bili ya dola 130. Nimeibiwa?

Hujaibiwa, ila bei ya kwanza ilikuwa ya kukuvuta. Chukua mfano: domeni dola 1, hostingi dola 3 kwa mwezi, jumla 37. Ofa ikiisha, domeni inakuwa dola 22 na hostingi dola 9 kwa mwezi, yaani 108. Jumla ndiyo hiyo 130. Bei hii huwa imeandikwa kwa herufi ndogo kwenye ukurasa wa malipo, mbele ya maneno "Renews at". Hiyo ndiyo bei ya kulinganisha kabla hujanunua.

Domeni unaweza kuihamisha. Verisign, wanaosimamia .com, walipandisha bei ya jumla wanayowatoza wasajili, yaani kampuni zinazouza domeni, hadi dola 10.26 Septemba 2024, kwa hiyo anayekutoza 22 anabaki na zaidi ya nusu. Omba msimbo wa kuhamishia, upeleke kwa msajili wa bei nafuu, na ada utakayolipa huko inakuongezea mwaka mmoja. Usingoje wiki ya mwisho.

Domeni yangu ya .com iliisha muda miezi miwili iliyopita. Sasa wanataka zaidi ya dola 100 kuirudisha. Kwa nini?

Imeshaingia kipindi cha ukombozi. Muda ukiisha, msajili anaweza kukaa na jina hadi siku 45, na wengi hukuruhusu kulipa bei ya kawaida siku za mwanzo. Akishalifuta, zinaanza siku 30 za ukombozi, zenye ada yake nzito. Baada ya hapo kuna siku 5 ambazo hata ukiwa na pesa huwezi kulirudisha, kisha yeyote anaweza kulichukua. Litafute kwenye lookup.icann.org: ukiona `redemptionPeriod`, bado unaweza kuliokoa, ukiona `pendingDelete` bila `redemptionPeriod`, umechelewa. Kama wateja wanakujua kwa jina hilo, lipa leo. Domeni za nchi, kama .co.tz na .co.ke, zina ratiba zao.

Mbona sikukumbushwa?

Kanuni za ICANN, shirika linalosimamia majina ya domeni duniani, zinamtaka msajili akutumie ujumbe takriban mwezi mmoja kabla, tena wiki moja kabla, na mwingine ndani ya siku 5 baada ya muda kuisha. Mara nyingi ujumbe huo unakwenda kwa fundi aliyekutengenezea tovuti, kwa sababu alisajili kwa barua pepe yake. Au umeweka info@ ya domeni hiyohiyo: domeni ikizimwa, barua pepe nayo inakufa, na ule ujumbe wa mwisho haukufikii. Ingia kwenye akaunti, weka anwani yako ya Gmail, kisha hakikisha kadi iliyohifadhiwa haijaisha muda.

Bili ina cheti cha SSL cha dola 70. Ni lazima?

Cheti hicho hulinda taarifa zinazopita kati ya mteja na tovuti yako, ila kwa duka au blogu ya kawaida si lazima ukilipie. Let's Encrypt wanatoa cha bure, na hostingi nyingi hukiweka na kukihuisha zenyewe. Cha kulipia hakifichi taarifa za wateja wako kwa nguvu zaidi. Waulize kama wanacho cha bure, kisha ondoa tiki hiyo.