Mnyororo wa silojismu: anza na maneno yanayotokea mara moja

"Kwenye maswali ya mantiki yenye kauli tano au sita zilizochanganywa, napata hitimisho la kauli mbili za kwanza halafu nakwama. Nijuaje nianzie wapi, na hitimisho la mwisho ni lipi?"

Mkuu, nimekaa muda mrefu nikiwaelekeza watu wanaojiandaa na mitihani ya aina hii, na wengi hukwama hapo hapo ulipokwama wewe. Wanaisoma kauli ya kwanza kana kwamba ndiyo mwanzo wa mnyororo. Mpangilio wa kauli kwenye karatasi haukuambii chochote. Tuchukue mfano huu wa vitabu vya maktaba moja:

1. Kitabu chenye muhuri mwekundu hakiwekwi kabatini.
2. Vitabu vyote vinavyopendwa na watoto vimechakaa.
3. Ni vitabu vinavyoazimishwa pekee ambavyo haviko kabatini.
4. Hakuna kitabu kilichochakaa kinachoazimishwa.
5. Hakuna kitabu chenye picha kisichopendwa na watoto.

Kabla hujaunganisha chochote, hesabu kila sifa inatokea mara ngapi. Kabati lipo kwenye 1 na 3. Kupendwa na watoto, 2 na 5. Kuchakaa, 2 na 4. Kuazimishwa, 3 na 4. Zinabaki mbili zilizotokea mara moja tu: muhuri mwekundu na picha. Hizo ndizo ncha za mnyororo, na hitimisho la mwisho lazima lizungumzie hizo mbili peke yake. Sifa zilizojirudia ni viungo vya katikati, zitamezwa njiani. Kwa hiyo hata kabla ya kufikiri sana, tayari unajua jibu linahusu nini.

Sasa geuza kila kauli iwe "kama hiki, basi kile". Tumia herufi: P picha, W kupendwa na watoto, C kuchakaa, A kuazimishwa, K kabatini, M muhuri mwekundu. Alama ~ ni "si".

```
1. M → ~K    pia  K → ~M
2. W → C     pia  ~C → ~W
3. ~K → A    pia  ~A → K
4. C → ~A    pia  A → ~C
5. P → W     pia  ~W → ~P
```

Safu ya kulia ni kauli ile ile ikisomwa kinyumenyume: unabadilisha pande na kukanusha zote mbili. Ukibadilisha pande bila kukanusha umebuni kauli mpya ambayo hukupewa. Angalia hasa ya 3, maana neno "pekee" huwayumbisha watu: inasema kisichokuwa kabatini lazima kiwe kinaazimishwa. Haisemi kwamba kila kinachoazimishwa kiko nje ya kabati.

Anzia kwenye ncha moja, P. Kauli ya 5 na ya 2 zinatoa: kila chenye picha kimechakaa. Hitimisho hilo sasa ni kauli yako mpya. Liunganishe na 4: chenye picha hakiazimishwi. Liunganishe na 3: chenye picha kiko kabatini. Kisha na 1: hakuna kitabu chenye picha chenye muhuri mwekundu. Kauli tano, mahitimisho manne, na la nne ndilo la mwisho.

```
P → W → C → ~A → K → ~M
```

Kwenye mitihani ya kuchagua, mtego wanaoupenda watunzi ni "vitabu vyenye picha viko kabatini". Ni kweli kabisa kwa kauli tulizopewa, ila ni kituo cha njiani: kauli ya 1 haijatumika. Mtego wa pili ni "kisicho na muhuri mwekundu kina picha", yaani mshale umesomwa kwa nyuma.

Kuna nyakati mnyororo haufungi kabisa, na hilo nalo linaonekana. Tuseme kauli ya 1 ingekuwa "chenye muhuri mwekundu huwekwa kabatini", M → K. Una ~A → K na M → K: mishale miwili inaingia K, hakuna unaotoka. Ukiigeuza yote miwili, inatoka ~K na hakuna unaoingia. Hapo picha na muhuri havina uhusiano unaoweza kuthibitishwa, na jibu sahihi ni kwamba hakuna hitimisho la kuziunganisha ncha hizo.

Neno "baadhi" lina sehemu yake: kwenye mnyororo uliopangwa hivi, linakaa mwanzoni tu. "Baadhi ya vyenye picha hupendwa na watoto" itakupeleka salama hadi "baadhi ya vyenye picha havina muhuri mwekundu". Lakini kauli ya 2 ikiwa "baadhi ya vinavyopendwa na watoto vimechakaa", huvuki tena, kwa sababu vilivyochakaa vinaweza kuwa vile visivyo na picha hata kimoja. Kauli yenye "baadhi" pia usiigeuze kwa kukanusha kama tulivyofanya juu. Ukomo wake ni kubadilisha pande: baadhi ya vinavyopendwa na watoto vina picha.