Riba inayokatwa mbele: kwanza uliza inagawanywa kwa kiasi gani

Wengi wanaoanza hesabu za fedha huja kwangu na kanuni mbili walizokariri, moja ya kiwango halisi cha riba na nyingine ya kiwango halisi cha punguzo, kisha wanachanganya ipi itumike wapi. Ushauri wangu ni kuziweka kanuni kando kwanza na kujiuliza: riba hii inapimwa dhidi ya fedha za mwanzo wa mwaka, au dhidi ya fedha za mwisho wa mwaka? Ukilijibu hilo, kanuni utaitoa mwenyewe.

Chukua mkopo wa 100,000 wa mwaka mmoja kwa asilimia 12. Ikiwa riba inalipwa mwishoni, unapokea 100,000 leo na kurudisha 112,000 mwaka ukiisha. Riba ni 12,000, na umeitumia 100,000 yote kwa mwaka mzima. Hapa asilimia 12 ni kiwango cha riba, kinachoandikwa i: riba gawanya kwa fedha zilizokuwapo mwanzoni.

Sasa mkopeshaji anasema riba ni asilimia 12 ileile, ila inakatwa siku ya kukopa. Unatia saini kwenye 100,000, unaondoka na 88,000, na mwaka ukiisha unarudisha 100,000. Riba bado ni 12,000. Lakini fedha ulizozitumia ni 88,000 tu, kwa sababu zile 12,000 hazikukaa mikononi mwako hata siku moja. Gawanya 12,000 kwa 88,000 upate asilimia 13.64. Hiyo ndiyo gharama ya kweli ya mkopo huo. Ile asilimia 12 iliyotajwa ni kiwango cha punguzo, d: riba gawanya kwa fedha za mwisho wa mwaka.

Kwa hiyo uhusiano wao ni huu:

```
i = d / (1 - d)
d = i / (1 + i)
```

Kanuni ya kwanza ndiyo hesabu tuliyokwisha kuifanya: 0.12 gawanya kwa 0.88. Ya pili inarudi upande wa pili. Mkopeshaji akitaka kukata riba mbele bila kukuongezea gharama juu ya asilimia 12 ya mwishoni, anapaswa kukata 0.12 gawanya kwa 1.12, yaani asilimia 10.71 tu ya kiasi utakachorudisha. Kila d ina i yake inayolingana nayo, na maadamu kuna riba, i huwa kubwa kuliko d.

Mtu anaweza kuuliza, ile asilimia 1.64 ya ziada inatoka wapi hasa? Jibu linaonekana vizuri ukidhani kwamba mkopaji anahitaji 100,000 kamili mkononi, si 88,000. Akikatwa 12,000 inabidi akope 12,000 nyingine kuziba pengo. Mkopo huo wa pili nao unakatwa asilimia 12, yaani 1,440, kwa hiyo anakopa 1,440 tena, ambazo zinakatwa 172.80, na kuendelea hivyo hivyo, kila mara kiasi kikipungua. Ukijumlisha mlolongo wote unafika 113,636, ambayo ni 100,000 gawanya kwa 0.88. Basi ziada hiyo ni riba ya kukopa riba. Kulipa mapema maana yake ni kwamba fedha ya riba yenyewe ina gharama, na anayeibeba ni mkopaji. Kwa upande wa mkopeshaji, 12,000 zile ziko kwake tangu siku ya kwanza na anaweza kuzikopesha tena.

Kwa kukagua kazi yako kuna njia ninayoipenda kuliko zote: geuza kila kiwango juu chini. Moja gawanya kwa 0.12 ni 8.333, moja gawanya kwa 0.13636 ni 7.333. Tofauti kati ya 1/d na 1/i ni 1 kamili, kwa kiwango chochote kile. Ukipata tofauti nyingine, umekosea kugawanya mahali fulani. Ukipata 1 hasi, umebadilishana i na d. Kosa ninalolikuta zaidi ni la mtu aliyepewa kiwango cha punguzo, akatafuta thamani ya leo kwa kugawanya kwa 1 + d. Kwa mfano wetu atapata 89,286 badala ya 88,000, na kwa kuwa namba hizo zinakaribiana, jicho halishtuki. Thamani ya leo ya 1 ya mwakani ni 1 - d, au 1/(1 + i). Usichanganye nusu ya hii na nusu ya ile.

Kuna jambo moja linalowashangaza hata walioelewa yote hayo. Tumezoea kwamba kiwango kikigawanywa katika vipindi vingi ndani ya mwaka, gharama hupanda. Ni kweli kwa riba ya mwishoni: asilimia 12 kwa mwaka, ikitozwa 3 kila robo mwaka, inafikia asilimia 12.55 halisi, ikitozwa 1 kila mwezi, inafikia 12.68. Kwa riba inayokatwa mbele mambo yanakwenda kinyume. Ikikatwa mara moja kwa mwaka ni 13.64, kama tulivyoona. Ikikatwa 3 kila robo mwaka, 0.97 inajizidisha mara nne na kuwa 0.8853, kisha 1 gawanya kwa 0.8853 ni 1.1296, yaani tunapata 12.96. Ikikatwa 1 kila mwezi ni 12.82. Sababu ni ileile: kadiri kipindi kinavyofupika, ndivyo riba inavyotangulia kwa muda mfupi zaidi, na faida ya mkopeshaji ya kuipata mapema inapungua. Pande zote mbili zinasogelea 12.75, moja kutoka chini na nyingine kutoka juu. Kwa hiyo ukiambiwa "asilimia 12, inakatwa mbele", usihesabu chochote kabla hujajua inatangulia kwa muda gani.

Muda ukizidi mwaka, hali inakuwa mbaya zaidi kwa mkopaji iwapo punguzo linajumlishwa tu. Miaka miwili kwa asilimia 12 kila mwaka, yote ikikatwa siku ya kwanza, ni 24,000. Anaondoka na 76,000 na kurudisha 100,000, yaani asilimia 14.71 kwa mwaka. Lau punguzo lingefuata mwenendo wake sahihi, 0.88 mara 0.88, angepokea 77,440 na gharama ingebaki 13.64. Ukiendelea kujumlisha hivyo, kabla mwaka wa tisa haujaisha riba inameza mkopo wote na mkopaji hapokei kitu, ishara wazi kwamba njia hiyo haifai kwa muda mrefu.

La mwisho linahusu kulipa kabla ya muda. Katika riba ya mwishoni, anayelipa mapema mara nyingi huokoa riba ya muda uliobaki. Katika riba iliyokatwa mbele, 12,000 zimekwisha kwenda. Mkopaji wetu akirudisha 100,000 baada ya miezi sita bila kurudishiwa chochote, amelipa 12,000 kwa kutumia 88,000 nusu mwaka; kwa kiwango cha mwaka mzima hiyo ni asilimia 29.13. Kwa hiyo unaposoma mkataba wa namna hii, tafuta kifungu kinachosema kama riba ya muda ambao haukutumika inarudishwa, na inakokotolewa vipi.