Zoni ya 5 huku mnapiga soga

"Wakuu, nina miaka 44. Nikikimbia taratibu na jirani yangu tukipiga soga, saa inasema mapigo 172, zoni ya 5, ile ya kukimbia kwa nguvu zote. Mbovu ni moyo au saa?"

Hiyo 172 naishuku kwanza. Saa ikilegea mkononi, taa zake za nyuma hufuata mtikisiko wa mkono, ikaanza kuhesabu hatua badala ya mapigo. Na hatua za wakimbiaji wengi ni 160 hadi 180 kwa dakika. Utaitambua hivi: namba inaruka dakika ya kwanza tu, inaganda hapo, na ukisimama inaporomoka papo hapo. Moyo hushuka polepole. Kaza saa, ipandishe vidole viwili juu ya kifundo, au azima mkanda wa kifuani.

Namba ikibaki juu hata kwa mkanda, basi tatizo ni kikomo, yaani Max HR, mapigo ya juu kabisa ambayo moyo wako unaweza kufikia. Saa imekuwekea 220 - 44, yaani 176. Huo ni wastani wa watu wa umri wako. Mtu mmoja mmoja kupishana nao kwa mapigo 10 au 12, juu au chini, ni kawaida kabisa.

Mimi nina miaka 51, saa ikanipa 169. Nikaenda kupima kilima cha Kololo, hapa Kampala, alfajiri kabla boda hazijajaa. Nilipasha mwili dakika 20, nikapanda kwa nguvu dakika 3, nikashuka nikitembea, nikarudia. Mpando wa tatu nilimaliza kwa kutoa kila kilichobaki, nikaishia kuinamia ukuta wa nyumba ya watu, askari wa geti akiniuliza, "Mzee, uko sawa?" Mkanda ulisoma 179. Wiki mbili baadaye, nikiwa nimelala vizuri, 184. Nikaweka 184, maana jaribio halikupi zaidi ya ulichofikia siku hiyo.

Kisha nikabadilisha zoni zihesabiwe kwa HRR, yaani tofauti kati ya kikomo na mapigo ya kupumzika, badala ya asilimia ya Max HR, kwa sababu HRR inaingiza na mapigo ya kupumzika. Yangu nikiamka ni 54. 184 kutoa 54 ni 130. Asilimia 60 hadi 70 yake, ukiongeza 54, ni 132 hadi 145. Hiyo ndiyo zoni ya 2 yangu, ya mwendo mwepesi. Zamani saa ilisema 101 hadi 118, mwendo ambao kwangu ni kutembea kwenda sokoni! Nikiwa 140 naongea sentensi nzima, nayo ilikuwa ikiniandikia zoni ya 4.

Zima pia ile sehemu ya saa kujibadilishia Max HR yenyewe, la sivyo siku ikihesabu hatua itakuwekea kikomo cha uongo.

Ila kama kifua hukubana, umewahi kuzimia ukikimbia, au unatumia dawa za presha, usipande kilima hicho kabla ya kumwona daktari. Baadhi ya dawa hizo hushusha kikomo chenyewe, na hapo hata namba zangu hazikufai.