Damu siku ya 7 baada ya kutolewa polipu

"Mama alitolewa polipu, kinyama kilichoota ndani ya utumbo mpana, wiki iliyopita. Leo siku ya 7 kaona damu chooni. Si ameshapona?"

Pole ndugu, bado hajatoka kwenye kipindi cha hatari. Polipu ikikatwa kwa waya wa moto huacha kidonda chenye gaga. Gaga likibanduka, hata wiki mbili baadaye, mshipa wa chini unaweza kufunguka.

Kwa hiyo angalieni kiasi. Ikiwa ni michirizi tu kwenye karatasi na choo kinachofuata ni kisafi, apumzike, asinyanyue ndoo, ale uji na wali laini, anywe maji. Akiumwa kidogo ameze panado, si diklofenaki. Kama anatumia aspirini ya moyo, asiiache bila daktari wake kusema.

Ila damu ikitoka na mabonge au ikijirudia, mpelekeni hospitali usiku huohuo, pamoja na karatasi ya kipimo aliyopewa alipotolewa polipu. Vivyo hivyo kinyesi kikiwa cheusi kama lami, akiona kizunguzungu, akipata homa, au tumbo likiwa gumu na kuuma. Mama yangu mdogo alisubiri kuche. Alifika hajiwezi, akaongezewa damu chupa 2 ndipo mshipa ukabanwa kwa klipu.