Mayonezi hukatika kwenye vijiko vitatu vya kwanza vya mafuta

Anayejifunza kutengeneza mayonezi kwa mkono huambiwa "mimina mafuta polepole", halafu haambiwi polepole ni kiasi gani, wala polepole hadi lini. Matokeo yake humimina kwa uangalifu mwanzo hadi mwisho na kuchoka bure, au hukosa subira pale hasa ilipohitajika. Sehemu ya hatari ya mayonezi kukatika, yaani mafuta kujitenga na kiini cha yai, ni fupi: ni vijiko vikubwa vitatu vya kwanza, takriban mililita 45. Ukizivuka hizo salama, kazi iliyobaki ni nyepesi.

Tuchukue kipimo kimoja tukifuate hadi mwisho. Kiini cha yai moja, ambacho kwa yai la kawaida ni gramu 18 hivi. Kijiko kidogo cha haradali. Kijiko kikubwa kimoja cha siki au maji ya limau. Robo kijiko kidogo cha chumvi. Mafuta mililita 150, yaani vijiko vikubwa 10, yawe mafuta yasiyo na ladha kali kama ya alizeti. Kwa kuwa yai haliivishwi, tumia yai jipya lisilo na ufa wala uchafu, au kiini kilichopasteurishwa, yaani kilichopashwa joto kuua vijidudu, na mayonezi ikiisha iingie kwenye friji.

Sasa tazama hesabu iliyomo bakulini. Karibu nusu ya kiini ni maji, kwa hiyo kiini kimoja kina mililita 9 hivi. Ukiongeza maji ya siki na ya haradali, jumla ni kama mililita 25. Ndani ya maji hayo machache unataka kuingiza mililita 150 za mafuta, na maji ndiyo yabaki nje na mafuta yawe ndani. Hiyo ndiyo mayonezi: vitone vidogo mno vya mafuta vilivyozungukwa na utando mwembamba wa maji. Mchanganyiko wa namna hii huitwa emalsheni. Mafuta ni asilimia 80 ya bakuli zima, ilhali si yanayogusa ulimi kwanza. Ulimi hugusa maji yenye siki na chumvi, ndiyo maana mayonezi nzuri huonekana laini mdomoni, haionekani ya mafuta.

Mafuta hayakai ndani ya maji kwa hiari yake. Kila kitone kikikutana na kingine huungana, kwa kuwa kitone kimoja kikubwa kina ngozi ndogo kuliko vidogo viwili. Kinachozuia muungano huo ni vitu vilivyomo kwenye kiini: lesithini, ambayo upande mmoja wa molekuli yake hupenda mafuta na mwingine hupenda maji, pamoja na protini zinazojipanga juu ya kitone na kukifanyia koti. Kitone chenye koti kikigongana na mwenzake husukumana tu. Kisicho na koti huungana papo hapo.

Kwa hiyo mchapo, kile kifaa cha waya cha kupigia mayai, una kazi mbili: kuvunja mafuta kuwa vitone, na kuvipa vitone muda wa kuvaa kabla havijakutana. Ukubwa wa kazi hiyo ni rahisi kuudharau. Kijiko kidogo kimoja cha mafuta, mililita 5, kikivunjwa kuwa vitone vyenye kipenyo cha sehemu moja ya mia ya milimita, hutoa karibu vitone bilioni 10. Ngozi zao zote zikitandazwa zingefunika mita 3 za mraba, eneo la kitanda kipana. Eneo lote hilo linatakiwa livikwe koti kutoka kwenye kiini, na ni kwa kijiko kidogo kimoja tu.

Hapo ndipo kasi ya kumimina inapoingia. Mwanzoni kiini ni majimaji. Mchapo ukipita ndani yake, mafuta hukwepa waya na kuteleza pembeni, hayavunjiki vizuri. Ukimwaga vijiko viwili kwa mkupuo, mchapo huyagawa mabonge makubwa tu, nayo huungana tena kabla ya waya kurudi mahali pale pale. Mafuta yanayoongezeka yanakutana na mafuta yaliyokwisha ungana. Baada ya muda mfupi mafuta ni mengi na yameshikana, na maji ya kiini ndiyo yanayojikuta yametawanyika ndani yake. Mambo yamepinduka: mafuta nje, maji ndani. Mchapo hauwezi kuyarudisha kwa kupiga tu, hata upige dakika kumi, kwa sababu unachokipiga sasa ni mafuta yenye vitone vya maji.

Na hiyo ndiyo sababu iliyokatika ni ya mafuta mdomoni ingawa vipimo ni vile vile. Ulimi unakutana na mafuta kwanza, siki na chumvi vimefichwa ndani. Macho pia hukuonyesha. Vitone vingi vidogo hutawanya mwanga, kwa hivyo mayonezi iliyoshika ni hafifu ya rangi, karibu nyeupe. Iliyokatika hurudi kwenye manjano ya kiini na mafuta, inang'aa, na ukiinamisha bakuli mafuta hutiririka peke yake, pengine pakiwa na chembechembe kama za maziwa yaliyoganda.

Baada ya vijiko vitatu hali hubadilika. Vitone vilivyokwisha vaa ni vingi kiasi kwamba vinabanana, na mchanganyiko unakuwa mzito. Mafuta mapya yanapoingia hayana pa kukimbilia; vitone vya zamani vinayakata kama vijiwe vinavyosaga, na mchapo ukizungushwa unayavunja kwa urahisi. Mayonezi yenyewe imekuwa chombo cha kutengenezea mayonezi, na hapo ndipo unaruhusiwa kuongeza kasi.

Ukienda kazini, anza kwa kuondoa baridi: kiini na mafuta viwe joto la kawaida la chumba, maana kiini kilichotoka friji huwa kizito kwa namna isiyofaa na mafuta baridi huvunjika kwa shida. Bakuli lisiteleze, weka kitambaa chenye unyevu chini yake ili mkono mmoja ubaki huru kumimina. Tia kiini, chumvi, haradali, na nusu tu ya siki. Piga na uache dakika moja, chumvi ilegeze protini za kiini. Siki nyingine ihifadhi: kimiminika kingi mwanzoni hufanya mchanganyiko kuwa mwepesi, na mwepesi haukati mafuta.

Kijiko kikubwa cha kwanza kiingie kwa matone. Tia robo ya kijiko kidogo, piga hadi usione mafuta yanayong'aa juu, ndipo utie nyingine. Dakika mbili zinatosha kwa kijiko hicho. Cha pili na cha tatu tumia nusu kijiko kidogo kila mara. Dalili ya kuwa umevuka ni alama za waya: mchapo unaacha mifereji inayodumu sekunde kadhaa, na rangi imeanza kupauka. Hadi uzione, usimimine kwa mkondo. Ukishaziona, mimina kama uzi mwembamba huku ukiendelea kupiga, na baadaye kijiko kikubwa kizima kwa wakati mmoja si kosa, mradi kimepotea kabla ya kinachofuata.

Ukiona dimbwi dogo la mafuta pembeni mwa bakuli halinyonywi, acha kumimina mara moja na piga bila kuongeza kitu. Mara nyingi linaingia lenyewe. Hiyo ndiyo nafasi ya mwisho ambayo haigharimu chochote, na wengi huipoteza kwa kuendelea kumimina wakidhani mafuta yatajirekebisha.

Kuna kukatika kwa namna ya pili ambako wanaojifunza huchanganya na huku kwa kwanza. Hutokea mwishoni, si mwanzoni. Mayonezi ni nzito mno, inasimama kama siagi, kisha inatokwa na shanga za mafuta na ghafla inaporomoka. Hapo kosa si kasi bali upungufu wa maji. Vitone vya ukubwa mmoja vikipangwa vizuri hujaza asilimia 74 tu ya nafasi. Ukizidi hapo vinabanwa na kupoteza umbo la duara, na ndiyo maana mayonezi inasimama. Ukiendelea kubana, utando wa maji kati yao unakonda hadi unapasuka. Kiini kimoja kina lesithini ya kutosha mafuta mengi kuliko haya, lakini maji hakiongezi. Kwa kipimo chetu, ukifika mililita 100 tia ile siki iliyobaki. Mchanganyiko unalegea kidogo na nafasi ya mafuta mengine inapatikana. Ikibidi, kijiko kidogo cha maji hufanya kazi hiyo hiyo.

Blenda ya mkono inaonekana kuvunja kanuni hii kwa kuwa unaweka mafuta yote kwa pamoja. Haivunji. Kiini kinakaa chini ya chombo chembamba, mafuta yanaelea juu, na kichwa cha blenda kinashushwa hadi kukifunika kiini. Kisu kinavuta mafuta kidogo kidogo kutoka juu, kwa hiyo kinachomimina polepole ni mashine. Inashindwa pale chombo kinapokuwa kipana na kiini kikatapakaa, au unapoinua kichwa mapema. Kiache chini kimya hadi weupe utoke na kupanda, kama sekunde 15 hivi, ndipo ukipandishe taratibu.

Iliyokatika haitupwi. Chukua bakuli safi, tia kijiko kidogo cha maji na nusu kijiko kidogo cha haradali, au kiini kipya ikiwa mchanganyiko umekatika kabisa. Kisha yachukulie yale yaliyokatika kana kwamba ndiyo mafuta: robo kijiko kidogo mwanzoni, piga, rudia. Usiongeze chumvi wala siki nyingine, kwa kuwa vyote vimo tayari. Yakianza kushika na kupauka, ongeza kasi kama ulivyofanya na mafuta. Kosa la kawaida hapa ni kufanya kinyume, kutia kiini kipya juu ya bakuli lililokatika: humo mafuta tayari ndiyo yaliyo nje, na kiini kinamezwa nayo kama cha kwanza. Ukitumia kiini kipya, sasa una maji ya ziada, na utahitaji kuongeza mafuta kidogo, kama vijiko vikubwa vitatu, ili urudi kwenye uzito ule ule.